Pinyin bila hanzi? Utauza ulichotaka kununua

"Wakuu, nataka kujua Kichina kidogo kwa ajili ya mzigo wa Kariakoo. Hanzi, zile alama zao za kuchora, zinanitisha, nitumie pinyin tu, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini? Halafu kwa nini Wajapani nao wana maandishi yao, si wangetumia a-b-ch kama sisi?"

Mkuu, simama hapo hapo. Nani kakudanganya? Maana hata mimi kuna mwalimu wa tuisheni ya jioni alikula ada yangu akisema hanzi ni mapambo, kwenye biashara pinyin inatosha. Nikikutana naye Msimbazi tutaongea, na si Kichina.

Nilikuwa na kava za simu ghalani kwa wakala wangu Guangzhou, nikataka kuongeza nyingine. Nikamwandikia "wo yao mai", yaani nataka kununua. Sikuweka alama za toni, yaani za kupanda na kushuka kwa sauti. Sasa, "mǎi" ya toni ya tatu, inayoshuka kisha ikapanda, ni kununua. "Mài" ya toni ya nne, inayodondoka ghafla, ni kuuza. Wakala akasoma kuuza. Akaziuza zote kwa bei ya kutupa, akakata kamisheni yake na kunipongeza juu. Ningeandika 买 (nunua) asingekosea, kwa sababu 卖 (uza) ina kimsalaba kichwani.

Na si neno hilo tu. Kichina sanifu kina silabi kama 400 ukiacha toni, kwa hiyo "shi" peke yake inaweza kuwa 是 (ni), 十 (kumi), 事 (jambo) au 市 (soko). Sisi maneno yetu ni marefu, herufi zinayatenganisha bila shida.

Tena kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo: jana mǎi, kesho mǎi, alama moja inatosha. Hebu chora alama ya "nunua", kisha uniandikie "hatukununuliana". Utakwama. Wajapani walikwama hivyo hivyo, maana vitenzi vyao vina mikia. Wakachukua hanzi kwa shina, na mkia wakauandika kwa alama za silabi ziitwazo hiragana: 買う ni kununua, 買った ni alinunua.

Najua atakuja mtu aseme Wavietinamu wana toni na wanatumia herufi za Kilatini. Sawa, lakini kwao alama za toni ni sehemu ya tahajia. Pinyin iliyopitishwa China mwaka 1958 kazi yake ni kufundishia matamshi, na siku hizi kuandikia kwenye simu: unabonyeza `mai`, simu inakushushia orodha ya hanzi uchague. Usiyezijua utachagua nini? Utabahatisha kama mkeka wa Jumamosi.

Kwa hiyo kila neno unalojifunza, jifunze na hanzi yake siku hiyo hiyo. Hakuna cha "nitarudia baadaye". Anza na 买, 卖, 箱 (katoni) na 元 (pesa yao), uziandike kwa mkono mpaka 买 na 卖 uzitofautishe ukiwa na usingizi. Kabla ya hapo usimtumie wakala meseji yoyote, mpigie simu ya video umwonyeshe mzigo kwa kidole.