Naomba kahawa, si "ningependa kahawa"

SWALI: Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Zanzibar, na ninaandaa kijitabu cha misemo kwa wageni wetu wanaozungumza Kifaransa. "Je voudrais un café" nimeitafsiri "Ningependa kahawa", na "Pourriez-vous m'aider?" nimeiandika "Ungeweza kunisaidia?" Mwenzangu anasema Kiswahili hakisemwi hivyo. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Mwenzako. Andika "Naomba kahawa" na "Samahani, naomba unisaidie", halafu ufute kila "ningependa" iliyobaki katika kijitabu hicho.

Kifaransa kina sababu yake. Mtu akiingia kwa muuza mikate Paris na kusema "je veux une baguette", amesema "nataka", na masikioni mwa muuzaji asiyemjua hiyo ni amri. Kwa hiyo kitenzi hupelekwa kwenye hali ya masharti: shina la wakati ujao, voudr-, huvikwa kiishio cha wakati uliopita, -ais. Utashi wenyewe unasogezwa mbali, kana kwamba unangoja sharti fulani, nalo sharti lenyewe halitajwi kamwe. "Pourriez-vous" imejengwa vivyo hivyo juu ya shina pourr-. Ukiyaandika maneno hayo, angalia herufi: "je voudrai" bila s ni wakati ujao, yaani "nitataka", na "pourriez" ina r mbili. Tena Mfaransa haanzi na "je voudrais". Huanza na "bonjour", na asiyesema "bonjour" huonekana hana adabu hata akipanga masharti yote ya sarufi.

Sasa tazama -nge- yetu. Nayo ni ya masharti, lakini msikilizaji wa Kiswahili hulidai sharti lake. Ukisema "ningependa kwenda nawe", anayekusikiliza amekwisha kungoja "lakini". Lakini nina zamu, lakini sina nauli. "Ningependa kahawa" nayo inaning'inia hivyo hivyo. Mhudumu ataelewa na kahawa italetwa, kwa sababu amezoea wageni. Sentensi yenyewe haijaomba kitu.

"Ungeweza kunisaidia" ni mbaya zaidi. Katika mazungumzo ya kila siku -nge- hubeba pia kazi ya -ngeli-, yaani jambo ambalo wakati wake umeshapita. Mtu akikwambia "ungeniambia mapema", anakulaumu. Kwa hiyo mgeni mwenye sanduku zito akimtazama mpagazi na kusema "ungeweza kunisaidia", akasahau kupandisha sauti ya swali, amemwambia kwamba alikuwa na uwezo wa kumsaidia na hakufanya hivyo. Adabu ya Kifaransa imegeuka lawama ya Kiswahili. Nikiri kwamba -nge- hulainisha kitu kimoja, nacho ni ushauri kwa faida ya anayeambiwa: "Ungepumzika kidogo, mama." Hiyo ni nzuri mno. Ila hapo msemaji hajiombei chochote.

Laiti ugonjwa huu ungekuwa wa vijitabu vya wageni tu. Uko kwenye vipaza sauti vyetu, kwenye barua za ofisi, kwenye kila mkutano. "Ningependa kuchukua fursa hii kumshukuru mgeni rasmi." Ungependa, nini kinakuzuia? Mgeni rasmi ameketi mbele yako, kipaza sauti kiko mkononi, nawe unaeleza hamu ya kuchukua fursa ambayo umeshaichukua, ili ufanye shukrani ambayo bado hujaitoa. Kisha unaketi, na neno "asante" halikutamkwa. Sema "Namshukuru mgeni rasmi". Kwenye harusi mshereheshaji anatangaza, "Ningependa kumkaribisha mjomba wa bibi harusi," na mjomba wa watu anabaki nusu amesimama, nusu amekaa, hajui kama amekaribishwa au anaarifiwa juu ya matamanio ya mshereheshaji. "Namkaribisha mjomba" ingemwinua mara moja.

Katika matangazo, madhara ni makubwa zaidi. Chukua tangazo la namna hii: "Tungependa kuchukua nafasi hii kuwataarifu wateja wetu wote kuwa kutakuwa na katizo la maji siku ya Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, na tungependa kuwaomba mhifadhi maji ya kutosha." Anayesikiliza redioni huku akipika anapita maneno matano kabla ya kufika kwa mteja mwenyewe, na maji yanatajwa baadaye kabisa. Ombi nalo limewekwa nyuma ya pazia mbili: hawaombi, wangependa kuomba. Ondoa pazia: "Wateja wetu, Jumamosi maji yatakatika kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Tunawaomba mhifadhi maji ya kutosha." Hakuna adabu iliyopungua, maana adabu ilikuwa ndani ya "tunawaomba" tangu mwanzo.

"Napenda kukujulisha" ya barua za zamani naivumilia, kwa kuwa angalau inasema jambo lililopo. "Ungependa chai au kahawa?" nayo nimechoka kuipinga, kwani mhudumu anauliza kweli juu ya upendeleo wa mgeni, ingawa "Nikuletee chai au kahawa?" ni fupi na ina ukarimu zaidi. "Ningependa" ya kushukuru, kukaribisha na kuarifu sitaivumilia.

Turudi kwenye kijitabu. Kiswahili hakilainishi ombi kwa kukisogeza kitenzi mbali na ukweli. Hulainisha kwa kulitaja ombi lenyewe, "naomba", na kwa kumtambua unayemwomba. Kwa hiyo mahali pa "bonjour" weka salamu au "samahani", kisha jina la heshima kulingana na umri: kaka, dada, mama, mzee. "Samahani kaka, naomba unielekeze kituo cha daladala." "Shikamoo mzee, naomba kuuliza."

Mifano hiyo miwili ina kanuni ambayo wageni wako wataivunja, na wenyeji huivunja pia. Kitendo kikiwa cha mwombaji, "naomba" hufuatwa na ku-: naomba kuuliza, naomba kupita. Kitendo kikiwa cha mwombwa, kitenzi hubeba u- na kuishia na -e: naomba unisaidie, naomba unipishe. Mfaransa, kwa kuwa baada ya "pourriez-vous" kitenzi "aider" cha kwao hakibadiliki, atasema "naomba kunisaidia", yaani anaomba ruhusa ya kujisaidia mwenyewe, na kwa Kiswahili "kujisaidia" ni jambo la chooni. Iweke kanuni hii ukurasa wa kwanza.

Anayetaka ulaini zaidi aongeze "kidogo", au atumie "unipatie" badala ya "unipe": "Naomba unipatie taulo." Na kama anataka kwa dhati kusogea nyuma hatua moja, Kiswahili kinayo njia, nayo ni wakati uliopita: "Nilikuwa naomba nibadilishiwe chumba." Mfaransa ataitambua papo hapo, kwa sababu naye husema "je voulais" akiwa anataka sasa hivi. "Tafadhali" iache kwa vibao na matangazo. Mdomoni mwa watu "naomba" huitangulia karibu kila mara.

"Unaweza kunisaidia?" unaweza kuibakiza, bila -nge-, ikitanguliwa na "samahani". "Nataka kahawa" usiiweke kabisa, kwani hiyo ndiyo "je veux" waliyoikimbia.