Surua, utapiamlo na jicho la mtoto: dozi ya kesho ndiyo inayopotea

Ninyi mnaoanza kazi wodi ya watoto au kituo cha afya, nitawaeleza jambo moja tu kuhusu surua, maana mengine mtayakuta kwenye mwongozo. Mtoto mwenye surua na utapiamlo mkali anaweza kuingia wodini anaona na kutoka haoni, na katikati hapo akawa amepata dripu, dawa ya nimonia na maziwa kama ilivyoandikwa. Kilichokosekana mara nyingi ni vitu viwili: mtu wa kumfumbua macho ayatazame, na matone ya vitamini A ya siku ya pili.

Kwanza muelewe kinachotokea ndani. Kirusi cha surua hakikai kwenye ngozi na mapafu peke yake. Kinashambulia utando wa juu wa jicho pia, ukiwemo ule unaofunika konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Ndiyo maana karibu kila mtoto wa surua ana macho mekundu yanayotoa machozi na hataki mwanga. Kwa mtoto aliyeshiba, utando huo unajijenga upya na macho yanapona. Lakini kuujenga kunahitaji vitamini A, na surua inaimaliza haraka: mtoto ana homa, hali, anaharisha, na nyingine inapotea kwenye mkojo. Mtoto wa utapiamlo alikuwa na akiba ndogo kwenye ini tangu mwanzo. Hata hiyo ndogo haifiki kwenye jicho vizuri, kwa sababu vitamini A husafirishwa kwenye damu na protini maalumu inayotengenezwa na ini, na mtoto mwenye kwashakoo hana protini ya kutosha kuitengeneza. Utando wa jicho unakauka, konea inalainika na kuoza. Hatua hiyo ya mwisho huitwa keratomalasia. Inaweza kuchukua siku moja au mbili, wakati mwingine saa chache.

Vitabu vinaanza na kutoona usiku, halafu madoa meupe yenye povu kwenye sehemu nyeupe ya jicho, halafu konea kukauka, halafu kidonda. Mpangilio huo ni wa mtoto anayepungukiwa polepole kwa miezi. Surua inaruka ngazi. Usikae kusubiri madoa, na usijifariji kwamba mama amesema mtoto alikuwa anaona vizuri usiku wiki iliyopita.

Tuchukue mfano mmoja. Nimeuunda kutokana na watoto wengi wanaofanana, kwa hiyo msimtafute ni nani. Mtoto wa kiume, miezi 22, kilo 7.8, utepe wa mkono unasoma sentimita 10.9, miguu haijavimba. Vipele vilitoka siku 8 zilizopita na sasa ngozi inabanduka, imebaki nyeusi nyeusi. Anakohoa, anaharisha. Amelala amefumba macho kifuani kwa mama. Aliyempokea ameandika kwenye faili "macho mekundu" na kuendelea na kifua.

Hapo ndipo mnapotakiwa kusimama. Mtoto anayekaa amefumba macho mchana kutwa hana usingizi, ana maumivu au ana mwanga unaomchoma. Nawa mikono. Mwambie mama amshike kichwa, amlaze karibu na dirisha. Safisha matongo kwa pamba na maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Kisha vuta kope ukiegemeza vidole kwenye mfupa wa tundu la jicho, juu na chini, kamwe usibonyeze jicho lenyewe. Konea iliyolainika inaweza kupasuka mkononi mwako na vilivyomo ndani vikatoka. Kama kope zimebana mno na hufanikiwi kwa upole, acha, mpe vitamini A kama vile umekiona kidonda, na uite mtu wa macho.

Ukishafumbua, mulika kwa tochi na utazame taswira ya mwanga juu ya konea. Konea nzima inarudisha nukta ya mwanga yenye kingo kali. Konea iliyokauka inafifisha nukta hiyo, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kwa mtoto wetu, jicho la kushoto ndivyo lilivyo: limefifia lakini hakuna kidonda. Kwenye jicho la kulia kuna shimo la kijivu chini upande wa pua, dogo kuliko theluthi ya konea. Ukiwa na karatasi ya fluoresini, gusisha, na kidonda kitawaka kijani kwenye mwanga wa buluu. Usipokuwa nayo, tochi inatosha kuanza tiba.

Jambo linalowapoteza wageni wengi: jicho hilo la kulia halikuwa jekundu sana. Konea inayooza kwa kukosa vitamini A inaweza kuwa tulivu, bila usaha mwingi wala uvimbe. Wekundu mkali unatushtua, utulivu unatudanganya.

Sasa dozi. Mtoto wa mwaka mmoja na kuendelea anapewa yuniti 200,000 kwa mdomo, kidonge chekundu kama mnatumia vile vya kampeni. Wa miezi 6 hadi 11 anapewa 100,000, kidonge cha buluu. Chini ya miezi 6 ni 50,000, yaani nusu ya matone ya kidonge cha buluu. Kamulia kidonge kimoja kwenye kijiko, uhesabu matone yake, ndipo ujue nusu ni mangapi. Kata ncha kwa mkasi safi, kamulia mdomoni, na uhakikishe amemeza. Akitapika papo hapo, hajapata dozi. Rudia kesho yake kiasi kilekile. Mwenye dalili za jicho au utapiamlo mkali anapata ya tatu baada ya wiki mbili au zaidi.

Kwa nini mbili, tena siku mbili mfululizo? Hapa nyumbani Tanzania tuna sababu ya kulijua hilo kuliko wengi. Katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipata matibabu ya kawaida, jingine likaongezewa yuniti 200,000 siku mbili mfululizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Kwenye kundi la kawaida walikufa 12 kati ya 88. Waliopata vitamini A walikufa 6 kati ya 92. Kwa walio chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kubwa zaidi: 7 kati ya 42 dhidi ya 1 kati ya 46. Baadaye, tafiti za sehemu mbalimbali zilipojumlishwa, dozi moja peke yake haikuonyesha kupunguza vifo kwa uhakika. Dozi mbili zilipunguza kwa watoto wadogo. Kwa hiyo ukitoa ya leo ukasahau ya kesho, usiseme umetibu nusu. Huenda hujamsaidia kwa lolote linalopimika.

Na ya kesho inasahaulika kwa urahisi ajabu. Siku ya kwanza kila mtu yuko macho kwa sababu mtoto ni mgeni. Siku ya pili zamu imebadilika, vitamini A haimo kwenye chati ya sindano, na muuguzi wa asubuhi anaona imeandikwa "vit. A imetolewa". Andika dozi zote tatu kwa tarehe siku ileile ya kwanza, kwenye chati ya dawa, na mahali pa kusaini patupu. Mtoto anayepewa rufaa apate ya kwanza kabla gari halijaondoka, na barua iseme wazi ya pili ni tarehe ngapi.

Kuna visingizio viwili mtavisikia. Cha kwanza: "Yuko kwenye chakula dawa, tayari kina vitamini A." Ni kweli kinayo, na ndiyo sababu mtoto wa utapiamlo asiye na surua wala dalili za jicho hahitaji dozi kubwa wakati wa kulazwa. Mtoto wetu ana vyote viwili. Cha pili: "Alipata matone kwenye kampeni mwezi uliopita." Kadi inaweza kusema hivyo, lakini konea inayooza imeshakwambia akiba iliyobaki ni kiasi gani. Mpe. Madhara ya dozi hizi ni ya kupita: kutapika, kuumwa kichwa, au utosi kuvimba kidogo kwa mtoto mchanga. Wa kuogopewa ni mama mjamzito. Dozi kubwa hizi zinaweza kudhuru mimba, kwa hiyo usimpe.

Jicho lenyewe nalo linatibiwa, kwa sababu kidonda kilicho wazi kinaingiliwa na bakteria. Weka matone ya kloramfenikoli au mafuta ya tetrasaikilini, na atropini kama ipo, ili jicho litulie. Lifunike kwa upole bila kulikandamiza. Mfunge mtoto mikono kwa kitambaa kama anajikuna. Matone yenye deksamethasoni usiyaguse kabisa. Yanauzwa yakiwa yamechanganywa na antibayotiki na hupunguza wekundu, ndiyo maana watu huyapenda, lakini surua inafungua mlango kwa kirusi cha hapesi kwenye konea, na steroidi inakilisha.

Muulize mama pia kama kuna kitu kilichotiwa jichoni nyumbani. Uliza kwa namna ya kumheshimu: "Mama, kabla ya kuja mlimsaidiaje na haya macho?" Ukiuliza kama polisi utajibiwa hakuna. Watafiti waliochunguza watoto wenye vidonda vya konea Tanzania miaka hiyohiyo ya themanini walikuta zaidi ya theluthi walikuwa wametoka kuugua surua, na kati ya sababu zilizokuwa zinawaharibu macho ni ukosefu wa vitamini A, hapesi na dawa za kienyeji. Mtoto mmoja anaweza kubeba zote tatu.

Huyu wa mfano, akipata dozi zake, tutegemee nini? Jicho la kushoto, lililokauka tu, huanza kung'aa tena ndani ya siku chache na kupona ndani ya wiki moja au mbili. La kulia litapona na kovu jeupe, na kwa kuwa kidonda kilikuwa pembeni, ataweza kuona kwa jicho hilo. Kingekuwa katikati, au kimepita theluthi, mazungumzo na mama yangekuwa mengine. Mwambie mapema kwamba weupe utakaobaki hauondoki kwa matone, asije akazunguka madukani kuununulia dawa.

Kabla hajaruhusiwa, uliza nyumbani wamebaki watoto wangapi chini ya miaka mitano, nani ana homa, nani hajachanjwa. Surua ikiingia nyumba yenye njaa haichagui mmoja, na mdogo wake anayeanza mafua leo bado ana macho mazima.