Karibu ile haikuwa yangu

Dada mmoja ameniandikia juzi kwamba mama mkwe wake amemnunia tangu Ijumaa. Anasema alipiga hodi, mlango ulikuwa wazi, akaingia. Nilipousoma ujumbe wake moyo ulinidunda, maana hayo yalinikuta mimi, Tanga, siku niliyokwenda kujitambulisha kwa shangazi wa mchumba wangu.

Nyumba ilikuwa ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani nyuma. Mlango wa mbele mchana haufungwi, ni pazia tu. Nikaita hodi huku navua viatu. Sauti ya kike ikajibu karibu, nami nikakata korido moja kwa moja hadi uani. Shangazi ameketi mkekani anasukwa, kanga moja kifuani, kichwa wazi. Akavuta kanga ya pili akajifunika, kisha akaniuliza taratibu, "Karibu hiyo kakupa nani, baba?"

Aliyejibu alikuwa mpangaji wa chumba cha pili, alidhani nimemjia yeye. Nikarudishwa mlangoni kupiga hodi upya, mchumba wangu akitazama. Miaka imepita na bado panauma.

Tangu hapo hodi yangu ina majina mawili, langu na la ninayemtafuta. Nikiulizwa "Nani?" sijibu "Mimi", kwani kila mtu ni mimi. Nasimama ubavuni mwa mlango, uso nimeuelekeza njiani, hata upepo ukipeperusha pazia nisione ndani. Halafu nangoja. Jamani, ngojeni! Aliye uani ana unga mikononi, anatafuta kanga, ana korido nzima ya kuja. Hodi ya pili ipandishe sauti kidogo, ya tatu ikikosa jibu ondoka. Sisi Waislamu tumefundishwa hodi tatu, na Surat Nur, aya ya 27 na 28, inatukataza kuingia nyumba za watu bila ruhusa. Tukiambiwa turudi, turudi. Mbona tunanuna tukirudishwa?

Na karibu nayo isikilizeni. Karibu ya mbali, mtu hajatokea, mimi huihesabu kuwa nimesikiwa tu. "Karibu, nakuja" maana yake kaa barazani. Ruhusa ni "karibu ndani", ni "pita", au mwenyeji mwenyewe kukufunulia pazia. Ukiwa mkwe ndiyo usikubali pungufu ya hapo, hata kama umezaa watoto wanne katika ukoo ule.

Dada yangu, usimwombe mama radhi kwa simu. Nenda jioni, simama kando ya pazia, taja jina lako. Hata akiwa anakuona, piga hodi, usivue viatu mpaka afunue pazia kwa mkono wake.