Nyumba ya pili na ya nane: kwanza uliza fedha iko mfukoni mwa nani

Wengi mnaoanza kusoma nyota mnashika kwa haraka kwamba nyumba ya pili ni fedha na ya nane ni kifo. Mteja akija na swali la fedha, mnafungua ya pili peke yake na kumaliza. Kwa hapa Dar es Salaam njia hiyo itakuangusha mapema, kwa sababu fedha nyingi ambazo watu huja kuziulizia si zao peke yao. Huyu ana hisa kwenye kikoba, yule amekopa kwa wakopeshaji wa kausha damu, mwingine anasubiri kodi za nyumba aliyoacha marehemu baba yake. Zote hizo zina mguu mmoja katika nyumba ya nane.

Shika hivi: nyumba ya pili ni mfuko wa mwenye chati. Humo mna alichokitafuta mwenyewe, yaani mshahara ukishaingia, faida ya biashara, akiba, na mali anayoweza kuiuza bila kumuuliza mtu. Nyumba ya saba ni ya mtu wa upande wa pili: mume au mke, mbia, au yule mliyekopeshana. Sasa ihesabu hiyo ya saba kuwa ya kwanza, na inayofuata inakuwa ya pili yake. Hiyo ndiyo ya nane, mfuko wa mwenzako. Wanafunzi hukosea hapa kwa kuanza kuhesabu moja kutoka nyumba inayofuata, wakajikuta wanasoma ya tisa.

Kwa hesabu hiyohiyo, fedha ya baba akiwa hai haisomwi katika ya nane. Wazazi ni nyumba ya nne, na mfuko wao ni ya tano. Inahamia ya nane anapofariki, kwa kuwa hapo imekuwa mali ya marehemu. Kama urithi wenyewe ni ardhi au nyumba, itazame na ya nne, maana viwanja na majengo ni vyake. Ukiliweka hili sawa, maswali mengi ya mirathi yatakuwa yameshajipanga kabla hujaangalia sayari hata moja.

Kabla ya kusoma chochote, hakikisha saa. Mteja atakwambia "nilizaliwa saa sita mchana", nawe kwenye programu unaandika 06:00. Umekosea kwa saa sita, na nyota inayochomoza inarudi nyuma takriban buruji tatu kati ya zile kumi na mbili. Saa sita mchana ni 12:00, saa mbili usiku ni 20:00. Kwenye kadi za kliniki saa imeandikwa mara kwa Kiswahili, mara kwa Kizungu, kwa hiyo muulize mama yake kama jua lilikuwa limechomoza, liko utosini au limezama. Kisha litafute Jua kwenye chati. Aliyezaliwa adhuhuri lazima Jua lake liwe juu, karibu na nyumba ya kumi. Ukilikuta kwenye mstari wa mashariki, rudi ukaiangalie saa upya.

Tuchukue mtu aliyezaliwa hapa Dar katikati ya Aprili 1982, saa sita mchana. Natumia hesabu ya buruji nzima kwa kila nyumba, ile inayoandikwa Whole Sign kwenye programu. Inayochomoza ni Kaa. Nyumba ya pili ni Simba, na bwana wake, yaani sayari inayoitawala, ni Jua. Ya nane ni Ndoo, na bwana wake ni Zohali. Jua liko Punda, nyumba ya kumi. Zohali yuko Mizani, nyumba ya nne. (Kwa 06:00 ingechomoza Punda, mabwana wakawa Zuhura na Mirihi, na yote yanayofuata hapa yangekuwa habari ya mtu mwingine kabisa.)

Jua liko penye sharafu yake, yaani buruji linamopewa heshima ya juu, nalo liko katika nyumba ya kazi. Riziki ya mtu huyu inasomwa kwenye ajira na cheo, na ina nguvu. Zohali naye yuko penye sharafu yake katika nyumba ya ardhi na wazazi. Hapo tunasoma urithi wa jengo au kiwanja, kitu cha kudumu, lakini chenye kuchelewa kama ilivyo kawaida ya Zohali. Mirihi yuko humohumo Mizani pamoja na Zohali, na hiyo ni dalili ya mvutano juu ya mali hiyo. Halafu angalia zaidi: Punda na Mizani zinatazamana uso kwa uso. Bwana wa mshahara na bwana wa mali ya marehemu wako mukabala. Kimoja kinakivuta kingine, na huo ndio moyo wa chati hii.

Fanya mtu huyu amekuja kwako mwaka 2022. Baba amefariki, ipo nyumba Magomeni yenye wapangaji, ndugu hawajapatana. Yeye anataka kuchukua mkopo sasa, aulipe kwa fungu lake la mirathi. Wakati huo Zohali alikuwa anapita Ndoo, ndani ya ile nyumba yake ya nane. Aliingia humo Machi 2020, akarudi Mbuzi kwa miezi michache mwaka huohuo, kisha akakaa hadi Machi 2023. Ningemwambia kwamba mali ipo, lakini mlango wake ni wa polepole, na kwa sababu ya ule mukabala kila deni atakalobeba kwa kuutegemea urithi litaangukia mshahara. Basi marejesho ayapige kwa mshahara peke yake, kama vile nyumba ya Magomeni haipo. Usipomudu kumwambia hivyo kwa uwazi, hujaisoma chati, umempendeza tu.

Ungemuuliza pia jambo ambalo halimo kwenye nyota: je, mahakama imeshamteua msimamizi wa mirathi? Kama bado, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kugawa wala kuuza, hata sayari zipendeze vipi. Chati haikupi kiasi cha fedha wala tarehe ya hukumu. Na kwa heshima ya kazi hii, usimtabirie mtu kifo cha mzazi eti kwa kuwa umeona kitu katika ya nane.

Kwenye kikoba watu hubishana. Wapo wanaokipeleka ya kumi na moja kwa kuwa ni kundi la marafiki. Mimi naona kundi ni la kumi na moja, lakini fedha iliyochanganywa ni ya nane, maana ukishaiweka huwezi kuichukua bila ridhaa ya wenzako. Hisa ikigawanywa mwisho wa mzunguko na kurudi mkononi, imerudi ya pili.

Deni unalodai mtu lisome kwa chati ya swali, yaani chati ya saa na mahali ulipoulizwa. Muulizaji ni nyumba ya kwanza na mfuko wake ni ya pili. Mdaiwa ni ya saba na mfuko wake ni ya nane. Ukimkuta bwana wa nane yumo katika ya kwanza au ya pili, naye amepokewa vizuri na bwana wa nyumba hiyo, yaani bwana huyo anamtazama na kumkaribisha kwake, wataalamu wa zamani husoma kwamba fedha itarudi. Akiwa humo bila kupokewa, husoma kwamba itarudi kwa taabu, au isirudi yote. Kabla ya kusema lolote, angalia na bwana wa nane ana hali gani: akiwa dhaifu, huenda mdaiwa anataka kulipa ila hana kitu, na hapo la kumshauri mteja ni kupatana malipo ya kidogokidogo, si kwenda kugombana mlangoni.