Somme ya chini ya Excel haifanani na kalkuleta yangu

Swali: *Nina duka la unga na mchele hapa Kadutu, Bukavu. Mauzo ya siku kumi na mbili nimeyaandika kwenye safu ya B. Nikibonyeza herufi B, chini naona Moyenne: 46 850, Nb (non vides): 13, Somme: 468 500. Kalkuleta inanipa 545 500. Nani anadanganya?*

Jibu: Hakuna anayedanganya, Mama. Excel imejumlisha namba ilizoziona, na kwenye safu yako kuna mbili ambazo haizioni kama namba.

Tuanze na hiyo 13. Nb (non vides) huhesabu kila seli iliyo na kitu ndani, hata ikiwa ni maneno. Ulipobonyeza herufi B ulishika safu nzima pamoja na kichwa chake, nacho kikahesabiwa. Ukitoa kichwa, zinabaki siku kumi na mbili, kwa hiyo hakuna siku uliyoisahau.

Sasa gawa Somme kwa Moyenne: 468 500 kwa 46 850 ni 10. Moyenne hutafutwa kwa seli zenye namba peke yake, kwa hiyo siku kumi zimeingia kwenye hesabu na mbili zimeachwa nje. Tofauti yako na kalkuleta ni franga 77 000, na bila shaka ndizo za siku hizo mbili. Usipotaka kugawa kila mara, bonyeza upau wa chini kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha kwenye orodha itakayofunguka weka alama kwenye mstari ulio chini tu ya Nb (non vides). Huo huhesabu seli zenye namba peke yake. Siku utakayoona hesabu hizo mbili zimeachana kwa zaidi ya kile kichwa, usiiamini Somme.

Kuzipata hizo seli mbili si kazi. Simama kwenye B2, shikilia Shift, kisha shuka kwa mshale mmoja mmoja huku macho yako yakiwa chini. Kila hatua Nb (non vides) inaongezeka moja na Somme inapanda. Ukifika mahali hesabu imeongezeka lakini Somme haikusogea, umeishika. (Ukiwa kwenye seli moja tu, upau hauonyeshi chochote, unaanza kusema kuanzia seli ya pili. Na kama B2 yenyewe ndiyo mbovu, Somme ya B2 na B3 itakuwa sawa na namba ya B3 peke yake.)

Nadhani najua utakachokuta: umeandika `45 000 FC` na `32 000 FC` kwa mkono. Jumla yake ni 77 000 kamili. Ukiongeza herufi FC wewe mwenyewe, Excel huchukua seli nzima kama maneno na kuisogeza upande wa kushoto, wakati namba hukaa kulia, isipokuwa kama ulishabadilisha mpangilio. Futa, andika `45000` na `32000`. Ukitaka FC ionekane, shika safu, bonyeza kitufe cha kulia, chagua Format de cellule, nenda Personnalisée, na kwenye kisanduku cha Type andika:

```
# ##0 "FC"
```

Hapo FC ni ya macho tu, ndani namba inabaki namba. Somme itakuwa 545 500, na Moyenne itashuka hadi karibu 45 458. Ona kwamba wastani wako wa kwanza ulikuwa juu kuliko ukweli, kwa sababu siku zilizoachwa zilikuwa za mauzo madogo. Hivyo hivyo kuwa mwangalifu na siku ulizofunga duka: ukiacha seli tupu, Moyenne inairuka, ukiandika 0, inaihesabu kama siku ya kazi na wastani unashuka. Chagua moja na ubaki nayo.

Kuna kosa moja ambalo hesabu ya namba haiwezi kulikamata. Mteja akikulipa dola 20 nawe ukaandika 20 kwenye safu ya franga, kwa Excel hiyo ni namba kama nyingine. Itajumlishwa kama franga ishirini, na hesabu zote zitalingana vizuri. Kwa hilo rudi kwenye ile orodha ya upau uweke alama kwenye Minimum. Duka lako haliuzi franga 20 kwa siku nzima. Ukiiona 20 pale chini, jua kuna dola imeingia, na dola zitafutie safu yake.