Mteja Akinyamaza Ukitaja Bei, Kuna Maswali Hujayajibu

Wiki iliyopita msomaji mmoja, muuzaji wa pampu za sola kama mimi, aliniandikia: "Kaka, nikitaja bei tu, mteja ananiambia nitakupigia. Na hapigi." Ujumbe ulinigusa, kwa sababu nimetoka kuuza pampu kwenye shamba la zabibu la ekari moja kule Hombolo, Dodoma, na mwenye kauli alikuwa mzee mmoja tu, mwenye shamba.

Mzee wa namna hiyo haulizi sana. Mashaka anakaa nayo moyoni, na yana mpangilio wake.

La kwanza: huyu kijana analijua shamba langu? Sikufungua begi. Nilishusha kamba yenye uzito kisimani, nikaitoa na kupima pale ulowevu ulipoanzia: maji yako mita 25. "Mzee, naomba tuwashe jenereta." Pampu yake ikavuta saa mbili, nikapima tena: mita 35. Wauzaji wengi huishia kipimo cha kwanza, ndiyo maana pampu zao hutoa maji pungufu ya waliyoahidi. Mzee alishika kamba mwenyewe. Tulipokuwa tunasubiri, akanihesabia dizeli: lita 5 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hesabu hiyo aliifanya yeye, si mimi.

La pili: itatosha? Ekari moja ya umwagiliaji wa matone kipindi cha joto inataka kama lita 20,000 kwa siku. Nikaongeza mita 8 za tenki juu ya zile 35, na kidogo kwa msuguano wa bomba, nikamwonyesha pampu inayofikia hapo. Kuhusu mawingu ya Januari nilianza mimi: siku hiyo maji yatapungua, kwa hiyo tenki libebe akiba, na jenereta asiliuze.

La tatu ni wizi wa paneli na nani atakuja ikiharibika. Nilimpa namba ya fundi wetu wa Dodoma mjini, akampigia palepale, nikiwa nimenyamaza.

Ndipo akauliza, "Mnafunga lini?" Hapo nikatoa bei. Alikaa kimya kidogo, akaomba alipe kwa awamu mbili. Tukakubaliana.

Nilikotoka, bosi alitulazimisha kuweka bei ukurasa wa kwanza, na mauzo yakifa lawama zilikuwa zetu. Bado inaniuma. Ndugu yangu, acha kupunguza bei kumbembeleza mtu ambaye hajaamini kama maji yatafika tenkini!

Mteja akiuliza bei mapema, usimzungushe. Mwambie inategemea kina, na utamtajia kabla hujaondoka, kisha timiza. Lakini aliyewahi kumiliki pampu ya sola, akija na vipimo vyake mkononi, mpe bei mara moja. Huyo mashaka yake yalishaisha, na ukimficha utampandikizia mapya.