Bahasha kwenye meza ya lindo

Swali la wiki: "Ni shukrani gani uliwahi kupokea bila kuitarajia, na ilitoka kwa nani?"

Nalinda usiku kwenye ofisi ya mawakala wa forodha huko Kurasini, Dar es Salaam. Mwajiri wangu si hao mawakala, ni kampuni ya ulinzi. Naingia saa 12 jioni wao wakitafuta daladala, natoka saa 12 asubuhi wao hawajafika. Kwa mlinzi wa aina yangu, bahasha ikiwekwa mezani ina maana mbili: barua ya onyo, au unahamishwa lindo. Barua ya tatu sikuwahi kuisikia kwa mlinzi yeyote.

Na wiki ile nilikuwa na sababu ya kuogopa. Mhasibu alikuwa amekichukua kitabu changu cha matukio.

Kisa ni dizeli. Jenereta ya pale haijiwashi yenyewe. Umeme ukikatika nasubiri dakika chache, maana mara nyingine hurudi hapo hapo, kisha nawasha, naiacha ipate moto kidogo ndipo nageuza chenjiova ili chumba cha seva, kamera na taa za ukuta zipate umeme. Ukirudi, nageuza tena, naiacha injini izunguke bila mzigo ipoe, nazima. Saa ya kuwasha na saa ya kuzima naandika kitabuni. Sasa ankara za dizeli zilipanda, na dizeli ikipungua mtu wa kwanza kutazamwa ni yule anayekaa nayo usiku peke yake. Hilo halihitaji kuambiwa. Unaliona jinsi watu wanavyokusalimia.

Mama mhasibu akachukua kitabu mchana, mlinzi mwenzangu akapewa daftari jipya la kuendelea nalo. Mimi nilijua hesabu zangu ziko sawa, kwa sababu jenereta ina mita inayohesabu saa za kufanya kazi na haiwezi kumpendelea mtu. Ukijumlisha saa nilizoandika, ukalinganisha na mita, zinapaswa kukutana. Ukizidisha saa hizo kwa lita zinazoliwa kwa saa moja, unapata dizeli iliyoungua kweli. Iliyobaki kati ya hiyo na ile ya kwenye ankara si ya mlinzi. Lakini kujua uko sawa na kulala usingizi ni vitu viwili, hasa kama mkataba wako unaweza kukatwa kwa simu moja tu ya mteja.

Jioni ile nikakuta kitabu kimerudi mezani, juu yake bahasha nyeupe yenye nembo ya ofisi. Sikuifungua. Nilikabidhiwa lindo kwanza: funguo nikazihesabu kwenye kisanduku, kufuli za stoo nikazivuta moja moja, mitungi ya kuzimia moto nikatazama kama mshale uko kwenye kijani. Nikasaini. Mwenzangu akaiangalia bahasha, akaniangalia mimi, akasema, "Pole, mzee wangu," akachukua mkoba wake akaondoka. Nikafanya mzunguko wa kwanza wote. Ilikuwa imepita saa 2 nilipoifungua.

Ndani mlikuwa na kadi ya harusi. Pete mbili za dhahabu, njiwa, na neno "Hongera" kwa herufi za kumetameta. Nadhani duka la jirani halikuwa na nyingine. Nikafikiri wamekosea bahasha, mpaka nikaifunua.

Juu kabisa mama mhasibu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mdogo wa hesabu: "Mzee wetu, saa zako na saa za mita zimekutana. Dizeli tunamalizana na mleta mafuta. Ila nilipokuwa natafuta jenereta nimesoma na mengine, nikawasomea wenzangu." Huyo mleta mafuta na mambo yake hayanihusu, sikuuliza.

Chini yake kila mtu alikuwa ameandika lake. "Taa za gari nilizoziacha zinawaka, ukampigia dereva. Asante." "Dirisha la ghorofa ya 2, ile mvua ya masika." Kijana wa nyaraka alikuwa amegonga muhuri mwekundu wa IMEPOKELEWA juu ya njiwa, akasaini kando. Na pembeni, kwa kalamu ya kijani: "Bomba la jikoni ni mimi. Kila mara ni mimi. Samahani baba."

Hilo la bomba lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililokuwa linajaza kitabu changu kuliko wezi. Maji yetu huja kwa mgao. Mchana mtu anakwenda kuosha kikombe, anafungua bomba, hakuna kitu, anakiacha kikombe na bomba analiacha vilevile, wazi. Jioni anakwenda nyumbani. Usiku matumizi ya mtaa yanapungua, maji yanapata nguvu, tangi linaanza kujaa, na bomba lile linaanza kumwaga. Kwenye sinki ya jiko letu huwa kuna majani ya chai na mabaki ya wali, tundu linaziba upesi. Sinki ikifurika, maji yanatafuta sakafu, na chini ya jiko hilo ndipo ilipo stoo ya majalada: matamko ya forodha, hati za mizigo, risiti zenye mihuri. Karatasi hizo zinatakiwa zitunzwe kwa miaka, na karatasi iliyolowa wino wake hausomeki tena.

Bomba lililoachwa wazi linajitambulisha kabla halijatoa maji. Kwanza linapumua. Maji yanayopanda yanasukuma hewa iliyomo kwenye mabomba, unasikia mlio wa kuvuta kamasi, kisha linakohoa matone mawili matatu, kisha linamwaga. Usiku wa kimya mlio huo unasikika mpaka kwenye ngazi. Ofisi zenyewe siruhusiwi kuingia, lakini jiko liko kwenye korido, kwa hiyo napanda, nafunga, natoa majani ya chai kwenye tundu, nashuka. Kitabuni naandika mstari mmoja: "Saa 8:40 usiku, bomba la jiko limekutwa wazi, limefungwa." Sikuwahi kufikiri kuna mtu anasoma. Supavaiza wa kampuni akipita na pikipiki hutazama kama umesaini na kama hujalala, basi.

Niliisoma kadi ile kwa tochi ingawa taa ilikuwa inawaka.

Kisha nikawa na tatizo. Kitu chochote kinachopokelewa lindoni lazima kiandikwe, nami sikutaka kuvunja utaratibu kwa ajili ya furaha. Nikaandika: "Saa 2:25 usiku, imepokelewa kadi 1 kutoka kwa wafanyakazi." Supavaiza alipofika saa 7 aliusoma mstari huo mara mbili. "Ilikuwa na hela ndani?" Nikamwambia haikuwa nayo. Akaikagua mwenyewe, akaitikisa, akaandika pembeni "hakuna fedha" na kusaini.

Asubuhi mwenzangu wa mchana akanizuia getini, anacheka lakini hasogei. Mali ya ofisi haitoki bila kibali, na bahasha ina nembo ya ofisi. Sheria hiyo mimi ndiye niliyemfundisha. Nikakaa kwenye benchi nikisubiri mpaka mama mhasibu alipofika, akasema "Shikamoo mzee, mbona hujaenda kulala?" Nilipomweleza, akaandika kibali kamili, nakala tatu: kadi moja, ya harusi, iliyotumika, inatoka na mlinzi. Nyumbani mama watoto aliziona zile pete mbili kabla ya maandishi, na ikabidi nimtolee kibali pia.

Wiki iliyofuata mgao ulirudi. Bomba la jikoni nikalikuta wazi saa 9 kasoro. Nimelifunga, nimeandika.